Vichupa 56: mwongozo wa antibayotiki ya kuvuta dhidi ya sudomonasi kwa mtoto mwenye sistiki faibrosisi

Mwongozo huu ni wa mzazi ambaye mtoto wake ameshathibitishwa kuwa na sistiki faibrosisi, maradhi ya kuzaliwa nayo yanayofanya ute wa kifuani uwe mzito, na sasa majibu ya makohozi yamerudi na neno sudomonasi, jina la bakteria. Mimi ni nesi wa watoto hapa Pemba. Maradhi haya huonekana kwa nadra kwetu, na mtoto huwa ameshazungushwa kwa jina la pumu au kifua kikuu kabla mtu hajafikiria kumpima chumvi ya jasho. Hapo sitakaa. Nitakaa kwenye jambo linalowatatiza wazazi kuliko yote: dawa ya kuvuta kwa mashine, asubuhi na jioni, wiki nne nzima, kwa mtoto ambaye baada ya siku kumi anacheza mpira kama hajawahi kuumwa. Kisha miezi ikipita unaambiwa anza tena.

Dawa na kipimo huandikwa na daktari wa mtoto wako. Namba nilizoweka hapa ni zile zinazotumika kwa kawaida, ili ukiona tofauti uulize kabla ya kuwasha mashine.

Kinachoendelea kifuani

Mwenye sistiki faibrosisi ana kasoro kwenye jeni moja, iliyogunduliwa mwaka 1989. Jeni hiyo huongoza mlango wa chumvi kwenye ngozi ya ndani ya njia za hewa. Mlango ukiwa mbovu, maji hayatoki ya kutosha, na ute unakuwa mzito na kung'ang'ania. Vumbi na vijidudu ambavyo mwenzake angevitoa kwa kukohoa mara mbili, yeye hubaki navyo.

Sudomonasi ni bakteria wa majimaji. Anaishi kwenye udongo, kwenye mtaro, kwenye tundu la sinki, kwenye ndoo yenye maji ya jana, na kwenye mashine ya kuvutia dawa isiyokaushwa. Mtu mwenye mapafu mazima humvuta na asidhurike. Kwenye ute mzito bakteria huyu hupata makazi.

Mwanzoni wanakuwa wachache na wametawanyika, na wakati huo wanaweza kufutwa kabisa. Wakiachwa hubadilika: hujitengenezea utando wa utelezi na kujifungia humo kwa makundi. Hewa ya oksijeni haifiki ndani ya kundi, kwa hivyo wa katikati hupunguza kila kitu, hawali sana wala hawazaani sana, wamelala. Tobramaisini, dawa inayotumika zaidi, huingia ndani ya bakteria kwa kutegemea nguvu anayoitoa kwenye oksijeni. Bakteria aliyelala hana nguvu hiyo, basi dawa humpita. Ukungu wa dawa aliouvuta leo unaua walio juu na walio macho. Hewa na chakula vikifika kwa waliokuwa chini, wanaamka, na wanatakiwa waikute dawa ipo.

Iko sababu ya pili, na wazazi wengi hawajaambiwa. Ukungu wa dawa hufuata hewa. Tawi la pafu lililozibwa na ute halipati hewa, na kwa hiyo halipati dawa. Wiki ya kwanza unatibu sehemu zilizo wazi tu. Uvimbe ukipungua na ute ukitoka kwa mazoezi ya kifua, matawi mengine yanafunguka, na hapo ndipo bakteria waliojificha humo wanaonja dawa kwa mara ya kwanza. Kwa baadhi yao, siku ya 15 ndiyo siku ya kwanza ya matibabu.

Sampuli kabla ya dawa

Usianze kabla makohozi hayajachukuliwa, kwa sababu baada ya dozi mbili tatu maabara inaweza isioteshe kitu. Mtoto mdogo hatemi, humeza. Kwake hutumika kijiti chenye pamba nyuma ya koo huku akikohoa, au makohozi hutafutwa baada ya kumvutisha maji ya chumvi. Wakati mzuri ni asubuhi, baada ya mazoezi ya kifua.

Hapa kwetu ukipeleka kikopo cha makohozi, mkono wa kila mtu unakwenda kwenye kipimo cha kifua kikuu. Nimewaona wazazi wakirudi na karatasi ya "hasi" wakashukuru Mungu, na kumbe ni majibu ya kifua kikuu, hayasemi lolote juu ya sudomonasi. Hakikisha fomu imeandikwa wazi: kuotesha bakteria, mgonjwa ana sistiki faibrosisi, itafutwe sudomonasi. Kama maabara ya karibu haioteshi na kikopo lazima kipande boti kwenda Unguja, kiweke kwenye boksi la baridi, kisigande, na kifike ndani ya saa 24.

Majibu yatakuja na orodha ya dawa zinazomuua na zisizomuua bakteria. Ukiona tobramaisini imeandikwa "sugu", usivunjike moyo wala usibadilishe dawa mwenyewe. Maabara hupima kwa kiwango cha dawa kinachopatikana kwenye damu baada ya sindano. Dawa ya kuvuta inatua pale pale kwenye ute kwa kiwango kikubwa zaidi mara nyingi, kwa hivyo karatasi na kifua huweza kutofautiana. Daktari ndiye atakayeamua kipi kifuatwe.

Kuitunza dawa kwenye joto letu

Dozi ya kawaida ya kumfuta sudomonasi wa mara ya kwanza ni tobramaisini miligramu 300 mara mbili kwa siku, kwa siku 28. Kila dozi iko kwenye kichupa chake cha plastiki chenye mililita 5, na jumla ni vichupa 56. Hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, ndani ya karatasi yake ya kung'aa kwa sababu mwanga huiharibu. Nje ya friji huvumilia hadi siku 28, lakini kwa joto lisilozidi nyuzi 25, na chumba cha Chake Chake mwezi wa Februari hakijui nyuzi 25.

Umeme ukikatika, usifungue friji kuangalia. Ukiona unachelewa, hamishia dawa kwenye boksi la barafu, ile ile ya sokoni kwa wauza samaki, lakini vichupa vifungwe kwenye mfuko na kitambaa kikavu katikati. Dawa iliyoganda haitumiki. Rangi ya njano hafifu ni ya kawaida. Ikifanya ukungu au ikawa na chembe, itupe na uiandike kwenye hesabu yako.

Dozi yenyewe, kwa mpangilio wake

Mpangilio una maana. Ukitia dawa juu ya ute, umeutibu ute.

Anza na salbutamoli kama imeandikwa, ili njia zifunguke, na usubiri dakika 15 hadi 30. Kisha maji ya chumvi ya kuvuta kwa wanaopewa. Haya ni mazito kuliko yale ya dripu na humkohoza mtoto, ndiyo kazi yake. Halafu mazoezi ya kifua: kupuliza kwa nguvu huku mdomo wazi kama anayetia ukungu kwenye kioo, kugongwa mgongo na mbavu kama ulivyofundishwa, kukohoa, kutema, kupumzika, tena. Antibayotiki inakuja mwisho, kifua kikiwa kimesafishwa.

Toa kichupa kwenye friji dakika chache kabla, ukungu wa baridi hukohoza. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe. Mimina kichupa chote kwenye kikombe cha mashine na usichanganye na dawa nyingine humo. Mtoto akae wima, mdomo ushike kipande cha kuvutia kati ya meno, apumue kwa mdomo, taratibu, pumzi za kawaida. Anayevuta kwa pua abanwe pua kwa kibanio. Mdogo asiyeweza hutumia barakoa iliyobana uso. Ukiishika mbali kidogo kwa kumwonea huruma kwa vile analia, dawa inakwenda dirishani. Fungua dirisha, na wengine wasikae karibu.

Kwa mashine ya kompresa ya kawaida kazi huisha kama dakika 15, mpaka kikombe kianze kukoroma na ukungu ukakatika. Ikifika nusu saa na dawa bado imo, tundu limeziba au kichungi cha hewa kimechoka, na mtoto hapati dozi yake hata kama unaona ukungu.

Dozi ya kwanza kabisa ipewe spitali. Baadhi ya watoto hubanwa kifua, kwa hivyo tunapima pumzi kabla na baada, na tunasikiliza. Kati ya dozi na dozi yapite karibu masaa 12, na zisikaribiane chini ya masaa 6. Saa 12 asubuhi na saa 12 jioni inaingia vizuri na ratiba ya skuli.

Ramadhani haiondoi dozi. Mtoto mdogo hafungi, lakini kijana akitaka kufunga, kwanza daktari aulizwe, kwa sababu mwenye maradhi haya hupoteza chumvi nyingi kwa jasho na joto letu linaweza kumwangusha. Akiruhusiwa, dozi moja huenda baada ya futari na nyingine kabla ya adhana ya alfajiri. Zinapata nafasi ya kutosha kati yake na mchana hauna dawa ya kuvuta.

Kuosha

Mashine iliyokusudiwa kumuua sudomonasi inaweza kuwa ndiyo inayomfuga. Kila baada ya dozi fungua kikombe vipande vyote, osha kwa sabuni na maji ya moto, suuza. Mara moja kwa siku chemsha vipande kwa dakika 5 kwenye sufuria isiyopikiwa, kama maelezo ya mashine yako yanaruhusu kuchemsha. Ukishachemsha usivisuuze tena kwa maji ya mfereji wala ya kisima, utakuwa umerudisha ulichokiua. Vitoe kwa koleo safi, viweke juu ya kitambaa kisafi, vikauke kabisa kabla ya kuunganishwa. Msimu wa masika, nguo zenyewe hazikauki, ni afadhali kuwa na vikombe viwili ili kimoja kipate siku nzima. Siki haitoshi kwa kazi hii. Mpira unaopitisha hewa hauoshwi ndani. Ukiona matone, washa mashine bila kikombe mpaka ukauke.

Siku ya 12

Nichukue mtoto mmoja wa kiume, miaka minane, wa upande wa Wete. Sudomonasi wa mara ya kwanza, makohozi ya kijani, amepungua kilo moja. Alianza vichupa 56. Siku ya 12 mama yake alinijia na mfuko wa barafu mkononi.

"Dada, kifua kimekauka. Usiku hakohoi. Hivi vilobaki si tuviweke, akiugua tena tusihangaike?"

Tulivihesabu juu ya meza: vilikuwa 32. Vimetumika 24, hakuna dozi iliyorukwa, mama hodari. Na aliyoyaona ni kweli, kifua kilikuwa kikavu. Lakini kikohozi ni dalili ya uvimbe na wingi wa bakteria. Wingi ukishuka, dalili hukatika mapema, wakati waliobaki kwenye tabaka la chini wangali hai. Ukisimama hapo, waliobaki ni wale waliostahimili siku 12 za dawa, na hao ndio watakaozaliana. Vichupa vilivyowekwa navyo vitachakaa kabla ya kuhitajika, na nusu dozi ya pili itawakuta bakteria walioizoea.

Aliendelea hadi siku ya 28. Kuongeza hadi siku 56 hakukuwa na haja; utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulilinganisha siku 28 na 56 kwa maambukizi mapya, na matokeo yakakaribiana. Urefu wa dozi una kipimo chake, na mzazi anayeongeza wiki mbili "za kumalizia" anajitafutia usugu bure.

Makohozi yakaoteshwa tena mwezi mmoja baada ya kumaliza, halafu kila miezi mitatu. Majibu hasi mara moja hayatoshi, kwa sababu kijiti cha koo hukosa mara nyingi.

Anaporudi

Mwezi wa saba sudomonasi akaonekana tena, na mtoto mzima, hana hata mafua. Mama alidhani dawa ilikuwa bandia. Kuna njia mbili za kurudi. Huweza kuwa bakteria mpya kabisa kutoka kwenye maji au udongo, kwani dozi iliyopita haikumjengea mtoto kinga ya kudumu. Au ni yule wa zamani aliyekuwa kwenye matundu ya mifupa ya uso nyuma ya pua, mahali ambapo ukungu wa mdomoni haufiki, akateremka. Kwa vyovyote vile hutibiwa tena mara moja, bila kusubiri kikohozi. Safari hii daktari alichagua kolistini, antibayotiki nyingine ya kuvuta, kwa miezi mitatu pamoja na antibayotiki ya kumeza, sipro. Sipro isimezwe pamoja na maziwa, na mtoto akilalamika kisigino au kano, sema siku hiyo hiyo.

Akafutika. Akakaa vizuri mwaka na ushei. Kisha akaanza kuonekana kila mara, na ilipofika zaidi ya nusu ya sampuli za mwaka mmoja zina sudomonasi, tukabadilisha lugha. Hayo sasa ni maambukizi ya kudumu, na bakteria wenye utando wa utelezi hawafutiki kwa kawaida. Lengo likawa kuwapunguza ili wasiendelee kulichakaza pafu.

Hapo ndipo panapokuja mwezi wa dawa na mwezi wa kupumzika: siku 28 za tobramaisini, siku 28 bila, tena na tena. Utaratibu huu ulipimwa Marekani kwa wagonjwa 520, na matokeo yakachapishwa mwaka 1999. Baada ya wiki 20, nguvu ya pumzi ya waliopewa dawa ilipanda kwa wastani wa asilimia 10, na ya waliovuta ukungu usio na dawa ilishuka kwa asilimia 2. Ndani ya hizo wiki, makohozi yalipungua bakteria mwezi wa dawa na yakaongezeka tena mwezi wa mapumziko. Kwa hiyo ukiona kikohozi kinarudi kidogo wiki ya tatu ya kupumzika, ndivyo kilivyo, hujaharibu kitu.

Mapumziko yana kazi yake. Dawa ikikaa mfululizo, wanaobaki ni sugu peke yao. Ikiondoka, wale dhaifu kwa dawa hurudi kugombea nafasi na kuwapunguza wenzao sugu, na masikio na figo za mtoto nazo hupumua. Akizidiwa kila mwezi wa mapumziko, daktari anaweza kujaza nafasi hiyo kwa kolistini. Andika tarehe ya kuanza na ya kuacha kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka una vipindi 13 vya siku 28, kwa hiyo hesabu mizunguko sita au saba, na agiza vichupa vya mzunguko unaofuata wakati huu unapoanza, kwa sababu mzigo unavuka bahari.

Kolistini ina tahadhari zake

Kolistini huja kama unga. Kipimo cha kuvuta kwa kawaida ni yuniti milioni moja hadi mbili, mara mbili kwa siku. Soma kichupa kwa yuniti. Vingine vimeandikwa miligramu, na miligramu hizo zina maana mbili: yuniti milioni moja ni miligramu 80 za chumvi ya kolistini, lakini ni kama 30 tu zikihesabiwa kolistini yenyewe. Mtu akilinganisha vichupa vya viwanda viwili kwa miligramu, anaweza kuzidisha karibu mara tatu. Mfamasia aandike yuniti kwa kalamu juu ya kila boksi.

Changanya kwa maji safi ya sindano au ya chumvi kama ulivyoelekezwa, zungusha taratibu bila kutikisa kwa sababu hutoa povu, na uvute papo hapo. Usichanganye asubuhi ukaweka ya jioni. Ikikaa kwenye maji hugeuka kuwa kitu kinachoumiza mapafu, na mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kifo cha mgonjwa aliyevuta iliyochanganywa mapema.

Tobramaisini ikikosekana, mtu atakwambia tia jenta ya sindano, yaani jentamaisini, kwenye mashine. Kataa mpaka daktari anayejua maradhi haya aseme. Sindano nyingi zina vihifadhi vinavyobana kifua.

Wakati ukungu hautoshi

Sauti kukwaruza ni kawaida ya tobramaisini na huisha. Mlio masikioni au kusikia kupungua si kawaida. Simamisha na upige simu. Kifua kikibana kila baada ya dozi, salbutamoli ipewe kabla, na kama bado, dawa ibadilishwe.

Homa, kupumua haraka, kukataa chakula, uzito kushuka, makohozi kuongezeka na kuwa mazito: hapo ukungu peke yake hautoshi, mtoto anahitaji sindano, kwa kawaida dawa mbili kwa karibu wiki mbili. Damu zaidi ya michirizi kwenye makohozi, usimpe dozi nyingine, mpeleke. Chukua daftari la dozi, majibu ya mwisho ya maabara na vichupa vilivyobaki. Daktari wa zamu atakayemwona kwa mara ya kwanza anaweza kuandika amoksisilini au seftriaksoni kama kwa nimonia yoyote, na hizo hazimgusi sudomonasi. Mwonyeshe karatasi ya maabara kabla sindano ya kwanza haijavutwa, na muulize kama seftazidimu, ambayo humgusa, ipo.